Nimehama Excel kwenda LibreOffice Base: uzoefu wangu na daftari la madeni

Nauza mafuta ya alizeti kwa jumla hapa Dodoma mjini. Kwa miaka mitatu mauzo na madeni yalikaa kwenye faili moja la Excel lenye mistari kama 4,000. Idadi hiyo haikuwa tatizo, maana karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576.

Kilichonihamisha ni deni la mteja tunayemwita Mama Kibaigwa. Alikopa mara tatu: 180,000, kisha 90,000, kisha 90,000 tena. Nikapiga hesabu hivi:

```
=SUMIF(B:B,"Mama Kibaigwa",D:D)
```

Jibu likaja 180,000. Akalipa, nikaandika kamaliza. Kumbe mkopo wa pili kijana wa dukani aliuandika "M. Kibaigwa", na wa tatu jina lilikuwa sawa ila lina nafasi tupu mwishoni. Macho hayaioni nafasi hiyo, lakini kwa SUMIF hilo ni jina lingine. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, mbona bado nina deni kwako?" Namshukuru sana.

Usiku ule nilitoa orodha ya majina yasiyojirudia. Wateja nilio nao ni 61. Orodha ilileta 84. Kipimo hiki ndicho ningemshauri kila mwenye duka akifanye kabla ya kuhama. Tofauti ikiwa ndogo, weka orodha ya kuchagua jina kwa Data Validation, inatosha. Mimi niliiweka, ila kijana alikuwa ananakili jina kutoka mstari mwingine na kulibandika, na kubandika kunaipita orodha ile. Pia tulikuwa tunatumiana faili kwa WhatsApp, tukabaki na nakala mbili, kila moja na mauzo yake.

Kwenye Base, ambayo ni programu ya hifadhidata, nina jedwali la wateja, kila mmoja na namba yake, na jedwali la mauzo linalobeba namba tu. Nimeyaunganisha kwenye Relationships, kwa hiyo mauzo yenye namba ya mteja asiyekuwepo hayaingii kabisa. Jina linaandikwa mahali pamoja. Kusafisha yale majina 84 kulinichukua Jumapili mbili, na hiyo ndiyo gharama kubwa, kwani programu yenyewe ni ya bure.

Ina kasoro. Ilinidai Java kwanza. Faili lake la kawaida halifai kufunguliwa na watu wawili kwa pamoja, hivyo tunaandikia kompyuta moja tu ya kaunta. Tena umeme ukikatika kabla hujahifadhi na kufunga, maingizo yanaweza kupotea. Natumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, na kila jioni nanakili faili kwenye flashi. Makadirio ya bei za msimu bado nayafanyia Excel, huko ni haraka zaidi.

Dada yangu anauza karanga Kondoa, ana wakopaji 15 na anaandika peke yake. Nimemwambia abaki na Excel yake.