Riali 100 kutoka Maskati hadi Tanga: nilivyozipitisha njia tatu siku moja

Mama yangu yuko Tanga, mimi nafanya kazi Maskati. Kila mwezi namtumia riali 100, na kwa miaka mingi nilikuwa nachagua njia kwa kuuliza swali moja tu: ada ni ngapi? Alipotaka kununua mabati ya nyumba nilikuwa na riali 300 za kutuma, nikaona hii ndiyo nafasi ya kujua ukweli. Nilizigawa mafungu matatu, kila fungu likapita njia yake, asubuhi ileile.

Kwanza nilihitaji kipimo. Riali ya Omani imefungwa kwa dola: tangu 1986 riali moja ni dola 2.6008, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo ukijua bei ya katikati ya dola kwa shilingi, ile iliyo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, unazidisha tu. Siku ile dola ilikuwa shilingi 2,600, basi riali moja ilistahili shilingi 6,762. Hakuna anayekupa bei hiyo, lakini ndiyo inayokuonyesha umekatwa kiasi gani.

Njia ya kwanza ilikuwa duka la kubadilisha fedha pale Ruwi, mama akachukue taslimu. Ada ilikuwa riali 2 na baisa 100, yaani riali 2.1, kodi ya asilimia 5 ikiwa ndani. Bei yao ilikuwa 6,560. Riali 97.9 zilizobaki zikawa shilingi 642,224, na kiasi hichohicho ndicho mama alichohesabiwa dirishani.

Ya pili ilikuwa programu ya simu iliyoandika kwa herufi kubwa kwamba haitozi ada, na kweli haikutoza. Ila bei yake ilikuwa 6,430. Zikaingia 643,000 kwenye simu ya mama, nyingi kuliko za dukani! Nilifurahi mpaka alipokwenda kwa wakala kuzitoa, makato yakala karibu 8,000. Mkononi zikabaki 635,000. Kama angezitumia kulipia LUKU na dukani kwa simu bila kuzitoa, njia hii ingelishinda duka kwa shilingi mia saba na kitu. Fundi wa mabati alitaka taslimu.

Ya tatu, benki kwa benki, ndiyo iliyoniuma. Nilidhani ndiyo njia ya watu makini. Ada ya hapa riali 5 na baisa 250. Zilizobaki zikageuzwa dola kwa baisa 386 kila dola, zikawa kama dola 245. Kwenye fomu nilikuwa nimeweka alama ya SHA bila kuisoma, maana yake gharama za njiani anabeba mpokeaji. Benki ya katikati ikakata dola 15. Benki ya Tanga ikanunua dola zilizobaki kwa 2,560, kisha ikatoza 10,000 kwa kupokea. Siku ya tatu mama akanipigia: "Mwanangu, mbona hii imekuja laki tano na themanini tu?" Sikuwa na jibu mpaka nilipoomba karatasi ya mchanganuo.

Sasa hesabu ninayoitumia ni hii moja: shilingi zilizofika mkononi mwa mama, gawa kwa riali zilizotoka mfukoni mwangu. Duka lilinipa 6,422 kwa kila riali, programu 6,350, benki 5,800. Bei iliyobandikwa ukutani na ada iliyo kwenye risiti zote zimo humo.

Benki inaumiza hivyo kwa sababu makato yake mengi ni ya mkupuo, hayajali unatuma ngapi. Nilipopiga hesabu ya riali 500 kwa bei zilezile, benki ilipanda hadi 6,466 kwa riali na duka likafika 6,532. Pengo linapungua sana, ingawa bado duka liko mbele.

Jambo moja la duka lazima niliseme. Mwezi uliofuata niliandika jina la mama tunalomwita mtaani, si lile lililo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Akarudishwa dirishani. Nilipofuta muamala, shilingi ziligeuzwa tena kuwa riali kwa bei yao ya kununua, na ada haikurudi: nikapata riali 94 na kidogo. Tangu hapo kabla ya kuondoka kaunta nasoma risiti mistari miwili, jina la mpokeaji herufi kwa herufi, na kiasi atakacholipwa kiwe kimeandikwa kwa shilingi. Kikiandikwa kwa dola, ujue bei haijafungwa na kuna mtu Tanga atakata tena.