Betri za kwenye friji: nunua zipi, na uziweke wapi

Mwezi uliopita mashine ya mama ya kupima presha ilizima katikati ya kupima, nikakimbia duka la karibu hapa Kampala kununua betri 4 ndogo. Mwenye duka akazitoa wapi? Kwenye friji ya soda! Akaniambia nyabo hizi za baridi hazizeeki, ndio maana bei iko juu kidogo. Nikalipa. Nimefika nyumbani zina umande kama chupa ya soda, nimezifuta, nimezitia, mashine ikavuta pumzi mara moja ikazima tena.

Basi wacha tuanze na hiyo friji, maana naona wengi wanaiamini. Betri hata ikikaa tu inajila yenyewe polepole, na baridi inapunguza hiyo kasi, hapo hajadanganya. Lakini ya alkalaini ikikaa kwenye nyuzi 20 hivi inapoteza asilimia 2 au 3 tu kwa mwaka, na Kampala yetu si jangwa, ndani ya nyumba ni ishirini na kitu. Sasa friji inakuokolea nini? Kitu kama asilimia 2 kwa mwaka, na badala yake unapata umande kila ukiitoa, ule unyevu unakaa kwenye ncha za betri, zinashika kutu, na hata watengenezaji kama Energizer wanasema usiziweke humo. Pia betri ikiwa bado baridi inatoa nguvu kidogo, kwa hiyo ukiitia moja kwa moja utadhani imekufa. Adui ni joto: kiosk cha mabati saa nane mchana, au dashibodi ya gari.

Na kufufua betri iliyokufa kwa kuilaza kwenye friji je? Nilijaribu na tochi ya betri 2. Nilikuwa na 4 zilizokufa pamoja, 2 nikazilaza kwenye friji usiku kucha na 2 kwenye kabati, asubuhi nikangoja za friji zipate joto kwanza. Zote zimewaka dakika chache, zote zimefifia. Ni kupumzika tu, dawa za ndani zinajisambaza tena na volti inapanda kidogo, baridi haijaongeza kitu. Wazee wanaoanika mawe ya redio juani nao wanapata dakika zao kwa sababu joto linaharakisha dawa, ila wanaiharibu zaidi. Afadhali hiyo iliyokufa kwenye mashine ya presha uitie kwenye saa ya ukutani: mota ya presha inakula nguvu nyingi kwa mkupuo, saa inalamba tu, inaweza kwenda miezi.

Haya, za kununua. Sitaongea ukubwa wala rangi, mnajua. Angalia TAREHE, hakuna mtu anaangalia tarehe jamani! Alkalaini nyingi za kampuni kubwa zinaandikwa mwezi na mwaka kwenye mwili wa betri, na kama pakiti inasema inakaa miaka 10, toa 10 utajua imetengenezwa lini. Zangu za friji zilikuwa zimebakiza miaka 2, yaani zimeshakaa 8, piga hesabu hiyo ya 2 au 3 kila mwaka, karibu moja ya tano imeshaenda hata kama zililala pazuri, na nani anajua zililala kwenye mabati gani kabla ya friji.

Ya kwanza kwangu ni Eneloop za Panasonic, za kuchaji, na sijifichi, nazipenda. Za kuchaji za zamani ndizo zilileta hii habari ya friji, zilikuwa zinaisha zenyewe ndani ya wiki chache, baridi iliwasaidia watu kweli. Eneloop ilipotoka 2005 hiyo shida ikapungua sana, wenyewe wanasema ukiichaji ukaiacha miaka 10 inabaki na asilimia 70. Ni ghali na unahitaji chaja, halafu ni volti 1.2 si 1.5, soma kwanza kitabu cha mashine yako kama inakubali.

Ya pili, alkalaini ya pakiti iliyofungwa, tarehe ya mbali, kwa mashine isiyotumika kila siku. Iweke kwenye droo, kavu, mbali na jiko. Kama lazima friji, basi kwenye mfuko usiopitisha hewa, na ukiutoa usiufungue mpaka upate joto la chumba, saa kadhaa.

Zile za bei rahisi kabisa ni za saa na rimoti. Basi.

Zangu nilizirudisha. Shilingi 12,000 hakurudisha hata moja, anasema nimeshazitumia. Na nikiwa bado nimesimama pale akazipanga tena ndani ya friji, kando ya Mirinda.