Rilei ya fezi: taa ya kijani iliwaka mpaka mota ikaungua

Nilikuwa nimepanga kuitukana hii rilei tu. Sasa sijui nimtukane nani, ila aliyeniuzia na kunifungia hakwepi.

Pampu yangu ni ya kuvuta maji mtoni, shamba la vitunguu, Ruaha Mbuyuni. Mota ya kilowati 5.5, fezi tatu. Nilitaka kinga fezi moja ikikatika, nikauziwa rilei ya fezi, kijidude chenye taa ya kijani kinachotakiwa kuizima pampu fezi ikipotea, fundi wa duka akaja kukifunga. Alipomaliza alichomoa fyuzi moja pampu ikiwa imezimwa. Taa ikazima, na kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota, ikagoma kushika. "Umeona mzee? Sasa lala usingizi." Nikalala kweli.

Msimu haujaisha, fyuzi moja ya meinswichi ya pampu ikaungua mchana kweupe, fezi moja ikapotea. Kijana wangu anasema pampu ilianza kuguna kama gari linalopanda mlima na gia kubwa. Alikimbilia kwenye bodi, akakuta taa ni ya kijani. Akaamini taa. Alipokuja kusikia harufu, mota ilikuwa imeshakwenda. Fundi anayesuka mota alipoifungua alinionyesha: fungu moja la koili jeusi kama mkaa, mawili yanang'aa kama mapya. Mota iliyofungwa delta ikikosa fezi inaungua hivyo, maana koili moja inabaki imebeba mzigo mkubwa kuliko wenzake.

Nikapiga simu dukani. Jibu nililopewa: "Umeme wa kwenu ndio mbovu, rilei ni nzima, tulijaribu mbele yako." Yaani mtu ananunua mwavuli halafu anaambiwa kosa ni la mvua! Nilikata simu kabla sijasema ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Aliyenifumbua macho ni huyo huyo msukaji. Alikuja kufunga mota, akaweka sakiti breka ndogo kwa muda kwenye fezi moja, akawasha pampu, kisha akaishusha ile breka pampu ikiwa inazunguka. Taa ya kijani haikutikisika! Akaweka mita: kati ya fezi mbili nzima volti 398, na ile iliyokatwa ukiipima na hizo mbili, 362 na 350. Nikamuuliza, imekatwa, hizo volti zinatoka wapi? Akasema, "Zinatoka kwenye mota, mzee." Mota ikishakuwa kwenye mwendo, inazalisha umeme kwenye fezi iliyopotea na kuurudisha mpaka kwenye rilei. Rilei yangu inakata volti zikishuka chini ya 320 tu. Ikaona 350, ikaridhika. Koili ya kontakta nayo inalishwa na fezi nzima, kwa hiyo haikuachia. Lile jaribio la dukani, pampu imezimwa, lingefaulu hata kwa rilei ya bei ya chini kuliko zote.

Kinachotakiwa ni rilei inayolinganisha fezi, ile yenye kiduara cha kuzungusha kwa bisibisi kilichoandikwa Asy, yaani asilimia ya tofauti ya fezi inayovumiliwa kabla ya kukata. Hesabu yake alinifanyia juu ya boksi: jumlisha 398, 362 na 350, gawa kwa tatu, unapata 370. Iliyo mbali zaidi ni 398, imezidi kwa 28, sawa na asilimia 7.6. Ukiweka Asy kwenye 10, mota inaungua vilevile. Ukiweka 5, inakata.

Basi nikanunua ya pili, nikaweka 5, na hapo nikaanza kuichukia hiyo pia. Jirani ana mashine ya kuchomelea. Akichoma, volti zangu zinakuwa 408, 390, 378, tofauti ya asilimia 4 na ushee, na akizidisha kidogo pampu inazima katikati ya jaruba. Tumeiweka 6, na ichelewe sekunde 5 kabla ya kukata. Inatulia, lakini nafasi iliyobaki ni nyembamba, na nilitaka kuipa nyota mbili kwa hilo tu. Halafu tukarudia jaribio la kushusha breka pampu ikitembea, kontakta ikaachia "tap!" Nikaongeza nyota mpaka nne. Ya tano siitoi, kwa sababu rilei inapima kabla ya kontakta: meno ya kontakta yakiungua upande mmoja, haioni kitu. Hapo unategemea ovalodi, inayokata mota ikivuta ampea kupita kiasi, na yule bwana wa duka aliiweka 15 wakati kibao cha mota kinasema ampea 11. Kinga ya pili nayo akaiua!

Nimempelekea ile ya kwanza anirudishie pesa. Amekataa, eti haijaharibika. Na kweli haijaharibika.