Paa la bati linavuja na masika imekolea: nunua nini kwanza

Kama bati limeanza kuvuja mwezi wa nne hapa Dar, kufumua paa sio sasa hivi, hiyo subiri jua la mwezi wa sita. Sasa hivi unatafuta kitu cha kukuvusha wiki sita au nane, na hadiwea wana vitu kibao, muuzaji anaweza kukupa chochote kilicho karibu na mkono wake. Mi nimepanga hii listi kwa swali moja tu: bati lako linaweza kukaa kavu hata saa mbili? Jibu la hapo ndo linaamua ununue nini, bei inakuja baadaye.

Ila kabla hujatoa hela hakikisha unajua tundu liko wapi. Mwaka jana chumba cha watoto kilikuwa kinadondosha maji pembeni kabisa ya taa, kitu cha kwanza nikazima meini swichi, halafu kila aliyeingia mle chumbani akasema tundu liko juu ya taa. Halikuwepo. Maji yakiingia juu yanashuka na tumbo la bati mpaka yakute papi, zile mbao zinazobeba bati, yanafuata papi, yanadondokea jipsamu, halafu yanatembea tena juu ya jipsamu mpaka yapate sehemu iliyobonyea ndo yatoke. Kwahiyo tundu karibu siku zote liko juu zaidi ya pale unapoona maji, upande wa kofia ya paa kule juu kabisa. Nikapanda darini mchana, nikafunga kile kimlango nyuma yangu ili kuwe giza, nikatulia macho yazoee, nikaona nukta mbili za mwanga: moja kwenye msumari uliolegea, kama mita moja na nusu juu ya taa, nyingine kwenye maungio ya bati mbili palipoliwa na kutu. Pima kwa futi kutoka ukutani na kutoka kwenye kofia, uandike, maana ukishatoka nje juu ya paa misumari yote inafanana.

Namba moja: tepu ya lami yenye foili

Hii ni ile rola inayong'aa juu kama foili na chini ina lami nyeusi inayonata. Nimeiweka juu kwasababu haihitaji kusubiri, ukishaikandamiza vizuri mvua hata ikija nusu saa baadaye tayari inazuia. Kwa tundu na misumari chukua ya upana wa sentimita 10, kwa maungio ya 15 ni bora. Dukani omba ubandue kona uguse kwa kidole, lami iwe laini na ivutike nyuzi nyuzi, kama imekauka na inakatika iache hapo hapo. Niliwahi kununua rola iliyokaa sana kwenye shelfu la duka moja, nikabandika asubuhi, jioni ilikuwa inapeperuka.

Inachotaka ni bati kavu na safi. Sugua kutu na vumbi kwa brashi ya waya, futa na kitambaa chenye thina kidogo, subiri ikauke, ndo ubandike, na tepu ipite tundu angalau sentimita 5 kila upande. Watu wengi wanakosea kwenye migongo ya bati: wanaivuta tepu inyooke kutoka mgongo hadi mgongo kama daraja, chini inabaki njia na maji yanapita humo humo. Kata ndefu kuliko unavyodhani, anza kuikandamiza bondeni ndo upande mgongoni, sugua kwa mpini wa kijiko mpaka uone umbo la bati limejichora kwenye foili. Baada ya siku mbili za jua angalia kingo, iliyoinuka ina maana chini kulikuwa na vumbi au maji.

Namba mbili: turubai

Hili ni la wale ambao mvua haiwapi nafasi kabisa, au bati limeliwa eneo kubwa kiasi kwamba ukibandika hapa linatoboka pale. Halijali maji, unaweza kulitandika bati likiwa limelowa, ingawa wewe mwenyewe usipande kwenye bati lililolowa, subiri mvua ikatike upite na ngazi, ukanyage kwenye mistari ya misumari maana ndo kuna papi chini.

Wakati wa kununua linyanyue uelekeze juani. Ukiona vitundu vya mwanga vingi ni jepesi, upepo wa wiki moja unalichana kwenye pete za kufungia. Na saizi ndo watu wanapoteza hela: wanapima eneo linalovuja basi. Turubai lisipovuka kofia, maji yanayoshuka kutoka juu yanaingia chini ya ukingo wake na yanaenda moja kwa moja kwenye tundu, yani umefunika lakini bado unavuja. Mfano tundu liko mita 2 chini ya kofia: hesabu hizo 2, ongeza 1 ya kushuka chini ya tundu, ongeza 1 ya kuvuka kofia upande wa pili, unahitaji urefu wa mita 4 na upana wa kama 3.

Usilipigilie misumari kwenye bati, kila msumari ni tundu jipya utakalolipia mwezi wa sita. Viringisha ukingo wa juu na wa chini kwenye mbao za mbili kwa mbili, ndo upigilie turubai kwenye mbao, halafu funga kamba kutoka kwenye hizo mbao hadi kenchi zilizochomoza pembeni ya nyumba, kaza sana, lisipige makofi na upepo.

Namba tatu: silikoni

Nzuri kwa misumari tu. Tyubu moja ya mililita 300 inatosha misumari hamsini na zaidi, ila inataka bati kavu na masaa kadhaa bila mvua, ndo maana iko huku chini kipindi hiki. Usichukue ile ya vioo inayonuka siki, ile tindikali yake inakula zinki ya bati na baada ya muda kutu inaanzia chini ya silikoni yenyewe, omba isiyo na harufu ya siki. Msumari uliolegea urudishe kwanza kwa nyundo taratibu, ndo uzungushie kichwa na mpira wake. Na tafadhali usizibe ukingo wa chini wa bati pale inapolalia bati lingine, pale ndo maji yaliyopenya yanatokea, ukiziba yanarudi ndani.

Kwa tundu kubwa la kupita kidole, tafuta kipande cha bati la migongo ile ile, bati bapa halikai. Ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu yake kama unafika, pembeni weka tepu.

Simenti usinunue kabisa. Bati linacheza likipata jua na upepo, simenti ni ngumu haipindi nalo, siku chache ina ufa na inabaki inashika unyevu juu ya bati.

Ukimaliza chukua rangi ya mafuta kidogo, weka alama ya X pembeni ya kila ulipoziba na andika vipimo kwenye karatasi, fundi akija mwezi wa sita tepu na turubai vikishatolewa ajue bati zipi za kubadilisha.