Raba namba 42 zilizokuja 41: nilivyobadilishiwa bila kurudishiwa hela

Natoa nyota 3 kati ya 5, na hizo mbili nimezikata kwa sababu ya siku ya kwanza tu, raba zenyewe ni nzuri sina neno.

Niliagiza mtandaoni raba za bluu namba 42. Mzigo ukaja fasta, boksi safi, lebo ya pembeni imeandikwa 42 bluu, nikafurahi. Kuvaa, kidole gumba kimegonga mbele. Nikadhani labda soksi nene, nikavua soksi, bado. Ndo nikafunua ulimi wa kiatu nikasoma ile lebo ndogo ya ndani: 41! Yani boksi 42, kiatu 41. Nahisi kuna mteja kabla yangu alirudisha akakosea boksi, na stoo wakapokea bila kufungua. Tofauti ya namba moja ni milimita 6 na ushee, kwa macho huioni ila mguu unajua.

Nikaingia kwenye oda nataka kubonyeza kile kitufe cha kurudisha bidhaa, bahati nzuri nikasoma kwanza. Kumbe kwa duka hili ukibonyeza pale unafunguliwa ombi la kurudishiwa hela moja kwa moja, hakuna sehemu ya kuchagua kubadilishiwa. Na mimi hela sikuitaka, nilinunua kipindi cha ofa na ofa ilishaisha, so wakinirudishia nikaagize upya nalipa bei kamili, halafu hela yenyewe inakaa siku kadhaa benki kabla ya kuingia, na namba 42 zilikuwa zinaelekea kuisha. Nikaacha kitufe nikaenda kwenye chati ya kastama kea.

Kosa langu la kwanza, niliandika "viatu vinanibana". Dada wa kastama kea akanijibu kwa upole kabisa kwamba kutokutosha ni juu ya mteja, nauli ya kurudisha nalipa mimi. Hapo nikashtuka, maana "havinitoshi" na "mmeniletea namba tofauti na niliyoagiza" ni vitu viwili tofauti kabisa, cha kwanza kosa lako cha pili kosa lao. Nikaanza upya hivi:

"Habari dada, oda namba (nikaiweka). Niliagiza 42 bluu. Boksi limeandikwa 42 lakini kiatu chenyewe ndani ni 41, picha hizi hapa. Siombi kurudishiwa hela, naomba mnibadilishie nipate 42 bluu kwa bei ileile niliyolipa. Naomba uniangalizie kama ipo stoo na uniwekee, na nauli ya kurudisha iwe juu yenu kwa kuwa kosa limetokea kwenu."

Picha nilipiga 3. Moja lebo ya boksi na lebo ya ulimi wa kiatu zikiwa kwenye fremu moja, hii ndo iliyomaliza ubishi, kwa sababu kwenye mfumo wao inaonekana walituma 42 na ukipiga kiatu peke yake watakwambia labda ni kiatu kingine. Ya pili skrini shoti ya oda, ya tatu soli, waone sijakanyagia nje. (Kama shida yako ni rangi, piga mchana karibu na dirisha uweke karatasi nyeupe pembeni, na uonyeshe jina la rangi kwenye lebo, maana bluu iliyokoza chini ya taa inageuka nyeusi na watakwambia ni skrini ya simu yako.)

Dada akasema namba 42 ipo pea moja, akaniwekea. Nikamuomba aandike palepale kwenye chati kwamba ni kubadilishiwa, bei ileile, nauli yao. Sio kumtilia shaka dada wa watu, ila zamu zikibadilika anayekuja hajui mliongea nini, na kweli kesho yake kaka mwingine akaniuliza hela anirudishie wapi! Nikamtumia skrini shoti, akaomba radhi yakaisha.

Kurudisha, usibandike selotepu wala stika kwenye boksi la viatu lenyewe, litie kwenye mfuko au boksi lingine, boksi likichanika wanaweza kukataa. Namba ya kufuatilia mzigo niliitunza mpaka mwisho.

Pea mpya ilitoka baada ya wao kupokea ile ya zamani, jumla siku 9. Kama stoo ingekuwa haina 42 nisingeng'ang'ana, ningechukua hela tu, maana kusubiri mzigo mpya uingie muda wa kurudisha unaweza kukupita na ukakosa vyote.

Safari hii nimefunua ulimi kwanza kabla hata sijamruhusu yule kijana wa delivari aondoke. 42.