Uzoefu wangu na skima ya Organization kwenye tovuti ya asali yetu, Tabora

Tunafungasha asali hapa Tabora mjini na kuituma mikoani kwa treni na kwa mabasi. Mwaka jana mteja wa Mwanza alinipigia simu kuulizia ndoo tatu alizokwisha kulipia kianzio, nami sikuwa na oda yake. Tulipofuatana hatua kwa hatua, ikabainika kwamba alitafuta jina letu Google, akabofya ukurasa wa mtandao wa kijamii uliobeba jina letu na picha ya ndoo zetu, akatuma pesa huko. Ukurasa ule haukuwa wetu. Hapo ndipo nilipoanza kushughulikia skima, na baada ya kuitumia kwa miezi mitano nadhani ninaweza kuieleza kwa haki.

Skima ninayoizungumzia ni kipande kifupi cha maandishi kinachowekwa ndani ya msimbo wa tovuti, ambacho mgeni wa kawaida hakioni lakini mashine ya utafutaji inakisoma. Msamiati wake unatoka schema.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo, na haulipiwi chochote. Aina inayohusu kampuni inaitwa `Organization`, na sehemu iliyonipeleka huko inaitwa `sameAs`: humo unaorodhesha anwani za kurasa zako rasmi kwingineko, ukiiambia mashine kwamba mwenye tovuti hii na mwenye kurasa zile ni mmoja.

Nilianza kwa njia ya mkato. Niliweka plagini ya skima, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti, nikajaza fomu, nikaamini kazi imekwisha. Wiki kadhaa baadaye kijana anayetutunzia kompyuta alinisalimia, akakaa mezani, akafungua ukurasa wetu wa mwanzo, akabonyeza Ctrl+U ili kuona msimbo wake na kutafuta neno `ld+json`, linalotambulisha fungu la skima. Yalitokea mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la plagini. La pili lilitolewa na mwonekano wa tovuti tulioununua, na katika `sameAs` yake kulikuwa na `https://www.facebook.com/` tupu, bila jina la ukurasa wowote, kama mtengenezaji alivyoiacha. Kwa hiyo tovuti yetu ilikuwa ikitangaza kampuni mbili, na mojawapo ilidai kuwa ndiyo Facebook yenyewe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nilikuwa nimepima kwa validator.schema.org na sikuona kosa hata moja. Nilipomwambia hivyo, akacheka. “Mama, ile inakagua kama umeandika sawasawa. Haikagui kama ulichoandika ni kweli.” Ninaiweka kauli hiyo hapa kwa sababu ndiyo kasoro kubwa ya chombo hiki kwa mtu asiye fundi: matokeo safi yanakupa utulivu ambao hujaustahili.

Fungu langu la plagini nalo lilikuwa na dosari zake. Anwani ya Facebook niliinakili kutoka kitufe cha kushiriki kwenye simu, ikaja katika umbo la `facebook.com/share/` likifuatwa na herufi zisizo na maana, na ile ya Instagram ilivuta mkia wa `?igsh=`. Zote mbili zinakufikisha, lakini kwa mzunguko. Kinachotakiwa ni anwani inayobaki kwenye kivinjari baada ya ukurasa kufunguka kabisa, ikikatwa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza, ilimradi bado inafungua ukurasa uleule. Isitoshe, nilikuwa nimeingiza kiungo cha akaunti yangu binafsi, kwa kuwa wateja wengi wananifahamu mimi. Tukakiondoa, maana mimi si kampuni.

Tulizima skima ya mwonekano na ya plagini pia, tukabakiza fungu moja tuliloliandika kwa mkono kwenye ukurasa wa mwanzo pekee. Google haihitaji lirudiwe katika kila ukurasa. Nimebadilisha jina na anwani hapa, umbo ndilo hili:

```html
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "Organization",
  "@id": "https://www.example.com/#kampuni",
  "name": "Jina la Biashara",
  "legalName": "Jina la Usajili Limited",
  "url": "https://www.example.com/",
  "logo": "https://www.example.com/nembo.png",
  "sameAs": [
    "https://www.facebook.com/jinaletu",
    "https://www.instagram.com/jinaletu/"
  ]
}
</script>
```

Katika `legalName` tuliandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, na katika `name` jina lililo kwenye lebo ya chupa. Nembo isipungue pikseli 112 kwa 112. Tahadhari moja ya kuudhi: mara ya kwanza kijana alinitumia msimbo huu kwa WhatsApp, nami nikaurekebisha kwenye simu, na kibodi ikageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Fungu zima likawa halisomeki, ingawa kwa macho ya kibinadamu halikuwa na tofauti.

Sehemu iliyoleta manufaa, kwa maoni yangu, haikuwa ndani ya msimbo. Hebu fikiria: mtu yeyote anaweza kuandika chochote katika `sameAs`, na hata yule tapeli angeweza kufungua tovuti na kuitajia ukurasa wetu halisi wa Facebook. Mashine ikiyapokea madai hayo kama ushahidi, itadanganyika kila siku. Kwa hiyo inayapima pamoja na dalili nyingine. Dalili iliyo mikononi mwako ni kiungo cha kurudi, yaani kurasa zako za mitandao nazo zielekeze kwenye tovuti yako. Nilipokagua kurasa zetu, Facebook ilikuwa imeelekezwa kwenye anwani ya zamani ya tovuti, ile ya bure tuliyoanza nayo, na Instagram haikuwa na tovuti kabisa, ilikuwa na namba ya simu tu. Nikaweka kote anwani ileile iliyo katika `url`, yenye https na www, nikalinganisha jina herufi kwa herufi, nikatumia nembo moja. Vilevile niliweka alama za mitandao chini ya tovuti zikielekea anwani zilezile za `sameAs`, ili anachokiona mteja kisipingane na kinachosomwa na mashine.

Baada ya hapo niliingia Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na kuomba ukurasa wa mwanzo usomwe upya. Takriban wiki sita baadaye, nikitafuta jina letu pamoja na neno Tabora, tovuti yetu ilitangulia ikifuatwa na kurasa zetu mbili halisi, na ule wa uongo ukawa umeshuka chini. Siwezi kuipa skima sifa zote, kwani katika kipindi hichohicho nilirekebisha pia maelezo yetu ya Google Maps. Lile sanduku la taarifa za kampuni pembeni mwa matokeo, ambalo niliahidiwa na mtu aliyetaka kuniuzia huduma hii, halijatokea. Google yenyewe haitoi hakikisho kwamba skima italileta.

Ninaipa nyota nne. Iliyopungua ni kwa sababu haimwondoi tapeli: ukurasa wa uongo ulibaki hewani hadi tulipouripoti kwa mtandao husika tukiambatanisha cheti cha usajili. Tena haijisasishi. Mwezi uliopita tulibadilisha jina la Instagram, na siku nne zilipita `sameAs` ikielekeza kwenye ukurasa usiokuwepo, hadi nilipokumbuka. Sasa anwani zote mbili nimeziandika nyuma ya jalada la daftari la oda, pamoja na mahali zinapobadilishwa.