Betri ya sola: kabla ya kulipa, ipandishe kwenye mizani

Wengi wanaonunua sola Mwanza huuliza kwanza habari za paneli. Paneli si mbaya sana siku hizi. Kinachozima TV katikati ya taarifa ya habari ni betri iliyobandikwa ukubwa isiokuwa nao, na hilo mnunuzi anaweza kuligundua palepale dukani.

Kwanza tujue tunahitaji nini. Chukua nyumba ya kawaida kule Igombe. Taa 5 za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa 5 zinakula wati-saa 125, yaani Wh 125. Kuchaji simu tatu ni kama Wh 45. Feni ndogo ya wati 20 kwa saa 6 ni Wh 120. TV ya inchi 32 pamoja na king'amuzi, jumla wati 55, kwa saa 4 ni Wh 220. Lakini hiyo inapita kwenye inveta, nayo inveta hula chake, kwa hiyo gawa kwa 0.85 na uhesabu 260. Jumla ni Wh 550 kwa siku.

Kwa paneli, hesabu saa 4.5 tu za jua kamili ili siku za mawingu zisikuumbue, kisha toa asilimia 30 inayopotelea kwenye joto, vumbi na nyaya. Kila wati ya paneli inakupa Wh 3.15 kwa siku. Gawa 550 kwa 3.15, unapata karibu 175. Nunua paneli ya wati 200.

Sasa betri. Betri ya jeli ya volti 12 haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo 550 inakuwa 1,100. Gawa kwa 12, unapata ampea-saa 92, yaani Ah 92. Betri ya Ah 100 inatosha usiku mmoja, bila akiba ya maana.

Hapo ndipo mizani inapohitajika. Ndani ya jeli kuna risasi, na risasi haifichiki. Kila Ah 1 kwenye betri ya volti 12 ina takriban gramu 300, kwa hiyo Ah 100 ya kweli ina kilo 28 hadi 32, na Ah 200 inakaribia kilo 60. Ukiletewa "Ah 100" ambayo kijana wa dukani anaibeba kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, ikapimwa na kukuta kilo 18, hiyo ni kama Ah 60. Nusu yake ni Wh 360. Nyumba yetu ya Igombe itaishiwa kabla ya saa za kulala, au itaikamua hadi mwisho kila usiku na kuiua ndani ya miezi. Fundi ataambiwa amefunga vibaya, kumbe hana kosa.

Ninavyozipanga, ya kwanza ni litiamu iliyoandikwa LiFePO4, Ah 100, volti 12.8. Unatumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani Wh 1,024, karibu siku mbili za nyumba hii. Bei inauma mwanzoni, ila inachajiwa na kutumika maelfu ya mara wakati jeli huhesabiwa kwa mamia. Ni kilo 10 hadi 13 tu, faida kubwa kwa anayevuka kwenda Ukerewe. Ikiwa chini ya kilo 9, iache.

Ya pili ni jeli iliyopimwa. Kwa nyumba hii chukua Ah 200 kama mfuko unaruhusu, upate na akiba ya siku ya mawingu. Betri ya gari ni ya kuwashia injini. Usinunue.

Kwenye chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, sifichi upande wangu: Victron MPPT 75/15. Inabeba paneli hadi wati 220 kwenye betri ya volti 12, na zile zenye Bluetooth zinakuonyesha kwenye simu kumbukumbu ya siku 30. Ukiona wiki nzima haijafika hatua ya `Float`, betri haijai, na jeli isiyojaa inaganda salfeti ndani. Tofauti na MPPT, kontrola ya PWM haibadilishi volti za ziada kuwa ampea: paneli ya wati 200 inayotoa ampea 11 inaingiza wati 143 tu kwenye betri yenye volti 13.

Kinachokera ni wauzaji wanaokataa kupima. Mji huu una mizani kila kona, pale Mwaloni hata dagaa hawauzwi kwa kukadiria, lakini betri ya mamia ya elfu unaambiwa "amini lebo, bosi". Kisha garantii ni karatasi isiyo na muhuri. Dai risiti ya EFD yenye aina ya betri na Ah zake, na muuzaji aandike uzito kwa mkono kwenye karatasi ya garantii na kugonga muhuri. Akigoma, duka la jirani lipo.